Makosa manne kwenye kesi moja: ni miaka mitatu au saba?

Shikamoo Mshauri,

Naandika kutoka Kibaigwa, wilayani Kongwa. Mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, alikuwa mtunza ghala kwa tajiri mmoja wa mahindi hapa sokoni. Siku moja alighushi saini ya meneja kwenye hati ya kutolea mzigo, akampa mlinzi getini, gunia 40 zikapakiwa na kuondoka. Miezi miwili baadaye alipokea Sh 1,150,000 kwa mnunuzi na hakuzifikisha ofisini. Alipokamatwa hakukataa. Mahakamani alikiri makosa yote manne siku ile ile aliyosomewa mashtaka, na hajawahi kufungwa kabla.

Hakimu alisoma hivi: kughushi, mwaka mmoja. Kuwasilisha hati ya kughushi, mwaka mmoja. Wizi wa gunia akiwa mtumishi, miaka mitatu. Wizi wa zile fedha, miaka miwili. Akafunga jalada, wakaita kesi nyingine. Sisi tuliokaa nyuma tulielewa ni miaka mitatu, yaani ile kubwa, kwa sababu kijana wa jirani aliwahi kupewa adhabu tatu na akatumikia moja tu. Nilipokwenda kumwona Isanga akaniambia gerezani ameandikiwa miaka saba.

Nyumbani tumegawanyika. Mama anataka rufaa, hata kwa kuuza shamba. Mjomba anasema tusiguse kitu, jaji anaweza kuongeza. Mdogo wangu mwenyewe anasema amekosa, atumikie tu, aibu imeshatosha. Juzi mtu mmoja anayeshinda pale mahakamani akanipigia: nikitoa thamani ya ng'ombe wawili, hati ya gerezani "itarekebishwa" isomeke mitatu bila rufaa. Hukumu ina siku 18 leo. Tena ana kesi nyingine Mpwapwa, ya simu ya mtu, haijaisha. Nimechoka, sijui nimsikilize nani.

Dada mkubwa, Kibaigwa

*

Marahaba, dada.

Nianze na kijana wa jirani, maana yeye ndiye aliyewapa hesabu ya miaka mitatu. Watu wengi wanaamini kuwa mtu akipewa adhabu kadhaa kwa pamoja, kifungo kirefu kinavimeza vifupi. Sheria yetu haisemi hivyo, inasema kinyume chake. Kifungu cha 168 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20 (nasoma toleo la 2022, namba husogea sheria inapochapwa upya), kinaeleza kuwa mtu akitiwa hatiani kwa makosa mawili au zaidi katika kesi moja, vifungo vyake vinafuatana, kimoja kikiisha ndipo kingine kinaanza, isipokuwa mahakama iamuru vitumikiwe kwa pamoja. Kijana wa jirani alitumikia kimoja kwa sababu hakimu wake alitamka maneno hayo. Hakimu asipotamka, ukimya wake una maana, na maana yake ni kujumlisha. Moja, moja, tatu na mbili ni saba. Afisa wa magereza aliyeandika saba hakumwonea mdogo wako. Hana mamlaka ya kudhani kile ambacho mahakama haikusema.

Lakini je, ni kweli hakimu hakusema? Mlikuwa nyuma, mmeshtuka, na adhabu husomwa haraka. Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote kuhusu rufaa, pata nakala ya hukumu pamoja na amri ya adhabu. Andika barua kwa hakimu mfawidhi wa mahakama iliyotoa hukumu, taja namba ya kesi na jina la mfungwa, omba nakala ya hukumu na ya mwenendo wa shauri, kisha hakikisha nakala utakayobaki nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo utakufaa baadaye, nitakueleza kwa nini.

Ukishaipata, soma mistari ya mwisho polepole. Utakuta moja kati ya mambo matatu, na kila moja lina njia yake.

Huenda imeandikwa kwamba adhabu zitatumikiwa kwa pamoja, ila hati ya kifungo iliyopelekwa gerezani haikubeba maneno hayo. Hilo hutokea, maana hati hujazwa baadaye, mara nyingi kwa haraka, mfungwa akisubiriwa na gari. Hapo huhitaji rufaa. Unamwandikia hakimu mfawidhi, unaambatanisha nakala ya amri, na hati iliyosahihishwa inapelekwa kwa mkuu wa gereza ili ilingane na hukumu. Huenda pia hakimu aliandika wazi kuwa vifungo vifuatane, akatoa na sababu. Au, na kwa jinsi ulivyosimulia naona hii ndiyo ya karibu zaidi, hakuandika lolote. Katika hali hizi mbili hata hakimu mwenyewe hawezi tena kubadili adhabu. Akishasoma na kutia saini, kazi yake imekwisha, anayeweza kuigusa ni Mahakama Kuu.

Ndiyo maana simu ile ya ng'ombe wawili inanitia wasiwasi. Kama hati ina makosa, kuisahihisha ni wajibu wa mahakama na hakuna bei. Kama haina makosa, mtu huyo anakuuzia hati ya kughushi, na mdogo wako yuko ndani tayari kwa kosa hilo hilo. Siku tarehe ya kutoka itakapokaguliwa, jalada la mahakama litafunguliwa, na utatafutwa wewe. Malipo halali ya mahakama hutolewa kwa namba ya malipo ya serikali na risiti yake, si kwa simu ya mtu. Ukitaka kumripoti, TAKUKURU wapo. Usipotaka, angalau usimjibu.

Sasa tuchukue kwamba hukumu iko kimya. Je, rufaa ina uzito? Hapa inabidi tuyagawe makosa manne vizuri, kwa sababu kwa macho ya mahakama hayako sawa.

Matatu ya kwanza ni tukio moja. Saini ilighushiwa ili hati ipite getini, hati ilipita getini ili gunia zitoke. Siku moja, ghala moja, nia moja, kila hatua ikiibeba iliyofuata. Kwa makosa ya namna hii msimamo ni wa zamani sana. Mwaka 1946, katika kesi ya Sawedi Mukasa, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema mtu akitenda makosa zaidi ya moja kwa wakati mmoja na katika tukio moja, utaratibu ufaao ni adhabu kutumikiwa kwa pamoja, isipokuwa pawe na mazingira ya pekee kabisa. Mahakama zetu zimeendelea kuufuata. Sababu yake si huruma. Wizi wa mtumishi anayemiliki funguo na karatasi za ghala huwa umebeba ujanja ndani yake, na miaka mitatu ya wizi ule tayari imeuhesabu. Ukimfunga tena mwaka kwa saini na mwaka mwingine kwa kuionyesha, unamwadhibu mara tatu kwa jambo moja.

Kosa la nne ni habari nyingine. Lilitokea miezi miwili baadaye, kwa fedha taslimu, kwa mnunuzi ambaye hakuhusika na gunia. Alikuwa na muda wa kujirudi, hakujirudi. Hapa hakimu ana haki kabisa ya kusema kifungo hiki kifuate kile cha kwanza, na jaji anaweza asione kosa lolote. Kuandikwa kwenye hati moja ya mashtaka hakuyafanyi makosa yawe tukio moja. Kwa hiyo, dada, ukiwaza rufaa, usiende na matumaini ya mitatu kana kwamba ndiyo haki yenu mliyonyang'anywa. Hesabu iliyo karibu zaidi na sheria ni mitatu kwa makosa ya kwanza yote, kisha miwili juu yake, jumla mitano.

Baada ya hapo bado kuna hatua ambayo hakimu aliyekaa kimya huwa ameiruka. Mahakama ikishapanga kipi kiende pamoja na kipi kifuate, inatakiwa irudi nyuma itazame jumla yote na kujiuliza: je, kifungo hiki chote kinalingana na ubaya wa mambo yote aliyofanya mtu huyu, na hali yake? Hiyo ndiyo kanuni ya kutazama adhabu kwa ujumla wake. Kila adhabu inaweza kuwa sahihi ikisimama peke yake, halafu zikijumlishwa zikatoa kitu kinachopita kiasi. Aliyekiri siku ya kwanza, bila rekodi ya nyuma, kwa gunia 40 na zile milioni moja na laki moja na nusu, akifungwa miaka saba, jaji ana la kutafakari. Akiona mitano bado inazidi, anaweza kupunguza kile cha miaka miwili kiwe mmoja, jumla ikawa minne, au kuamuru vyote vinne viende pamoja, ikawa mitatu.

Kanuni hiyo ina upande wa pili ambao mawakili wa vijiweni hawausemi. Vifungo vikitumikiwa kwa pamoja, kile kirefu kinatakiwa kibebe uzito wa makosa yote. Jaji anaweza kusema: viende pamoja, lakini kwa mtu aliyerudia kumwibia mwajiri wake, mitatu haitoshi kubeba yote, iwe minne. Kiwango cha juu cha wizi wa mtumishi ni miaka kumi, kwa hiyo nafasi hiyo ipo kisheria.

Hapa ndipo woga wa mjomba unapostahili kusikilizwa. Hajakosea: Mahakama Kuu ikisikiliza rufaa ina mamlaka ya kupunguza adhabu na pia ya kuiongeza. Ila ikifikiria kuongeza, inapaswa kumwambia mrufani na kumpa nafasi ya kujieleza kwanza. Mara nyingi nyongeza inakuja pale adhabu ya kwanza ilipokuwa chini ya kiwango kilichowekwa na sheria, au upande wa mashtaka nao ulipolalamika. Kwa mdogo wako sioni la kwanza, na la pili mtalijua mapema. Hata jumla ikiishia minne kwa njia niliyoeleza, ni chini ya saba. Hatari ipo, ila mpimie mjomba ukubwa wake halisi.

Mpeni pia hesabu ya magereza, maana ndiyo mama anayoisubiri bila kuijua. Chini ya Sheria ya Magereza, mfungwa wa kifungo cha zaidi ya mwezi mmoja anaweza, kwa kazi na tabia njema, kupata msamaha wa theluthi ya kifungo, na vifungo vinavyofuatana vinahesabiwa kama kimoja. Miaka saba inakuwa miezi 56, yaani minne na miezi minane. Mitano inakuwa miezi 40. Minne, miezi 32. Mitatu, miezi 24. Msamaha huo hauko mfukoni, akivunja kanuni za gereza unapungua. Mnachogombania, basi, ni kati ya mwaka mmoja na miezi minne hadi miaka miwili na miezi minane ya maisha yake. Shamba la mama lipimwe kwa hesabu hiyo.

Na mwenyewe je? Yeye ndiye mwenye rufaa. Wewe huwezi kuisaini kwa niaba yake, na hupaswi kumlazimisha. Ila nina shaka kama ameelewa anachokikataa. Anaona kukata rufaa ni kurudi kusema hakuiba, baada ya kukiri mbele ya watu. Sivyo. Kwa kuwa alikiri, sheria kwa kawaida hata haimruhusu kupinga kutiwa hatiani, anaruhusiwa kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Rufaa yake ingesema: nilikosa, nilikiri, naomba adhabu ipangwe kwa mujibu wa sheria. Mwelezee hivyo uone kama jibu lake litabaki lile lile. Likibaki, ni uamuzi wa mtu mzima.

Muda ndio unaobana. Kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku kumi tangu hukumu, na rufaa yenyewe, yaani hati yenye sababu, ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda mliokuwa mkisubiri nakala za hukumu na mwenendo. Ndiyo kazi ya ule muhuri: utaonyesha mliomba lini. Siku kumi zimepita, lakini usikate tamaa kabla ya kumuuliza jambo moja. Wafungwa wapya huulizwa gerezani kama wana nia ya rufaa na huwekwa alama ya kidole au saini kwenye fomu. Wengi wanasaini katika wiki ya kwanza bila hata kukumbuka. Kama alisaini, kusudio lipo, mkuu wa gereza anaweza kuthibitisha na tarehe yake. Kama hakusaini, ataomba Mahakama Kuu impe muda wa nyongeza, akiapa kiapo kinachoeleza kwa nini alichelewa. Hapo kila wiki inayopita inahitaji maelezo yake, na "tulikuwa tunabishana nyumbani" si maelezo mazuri.

Rufaa ya aliye gerezani hupitia kwa mkuu wa gereza, kwa hiyo hata bila wakili inaweza kufika Masjala ya Mahakama Kuu Dodoma. Kinachoharibika mara kwa mara ni sababu zinazoandikwa na wafungwa wenzake: mashahidi walitofautiana, ushahidi haukutosha, sikutambuliwa. Kwa aliyekiri, zote hizo zinaanguka. Kwake zinatosha sababu mbili au tatu za namna hii: "Hakimu alikosea kisheria kutotoa amri kuhusu utumikiaji wa adhabu kwa kosa la kwanza, la pili na la tatu, ilhali yalitokana na tukio moja." Na nyingine: "Hakimu hakuzingatia kwamba jumla ya miaka saba ni kubwa kupita kiasi kwa mkosaji wa mara ya kwanza aliyekiri mapema." Jaji haingilii adhabu kwa sababu tu yeye angetoa ndogo zaidi, anatafuta kosa la kanuni, jambo muhimu lililosahaulika, au adhabu iliyopita kiasi waziwazi. Sababu hizo zinamwelekeza pale pale. Wakili wa msaada wa kisheria au msaidizi wa kisheria wa wilaya anaweza kuziandika bila shamba kuuzwa.

Kuna njia nyingine nyembamba, ya kumwandikia Jaji Mfawidhi barua kuomba jalada liitwe na kupitiwa, kwa kuwa Mahakama Kuu inaweza kurekebisha amri ya mahakama ya chini hata bila rufaa. Inafaa pale kosa linapoonekana kwa kusoma tu ukurasa wa mwisho. Udhaifu wake ni kwamba inategemea hiari ya mahakama, na ikikataliwa siku zenu za rufaa zinaweza kuwa zimezidi kusonga. Sioni ubaya wa barua hiyo, naona ubaya wa kuitegemea peke yake.

Sasa Mpwapwa, ambayo umeitaja mwishoni kama jambo dogo. Akitiwa hatiani kule akiwa anatumikia hiki cha Kongwa, kifungu cha 36 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kifungo kipya kinaanza baada ya cha zamani kuisha, mpaka hakimu wa pili aamuru kiende pamoja nacho au na sehemu yake. Ukimya tena unajumlisha. Na hakimu wa Mpwapwa anaweza asijue chochote kuhusu miaka saba, kwa sababu jalada lake lina simu tu. Atakapoulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu, mdogo wako aseme anatumikia kifungo gani, cha mahakama ipi, tangu tarehe ipi, na aombe hicho kipya kitumikiwe pamoja nacho, kwa kutazama jumla. Anaweza kukataliwa, kwa kuwa ni tukio tofauti na mwenye mali ni mwingine. Asipoomba, hakuna atakayemwombea. Nakala ya hukumu utakayoipata Kongwa itoe mbili, moja impelekee kabla ya tarehe ya Mpwapwa.